Maneno ya Upole kwa Ninyi Mnaomngoja Mtoto

Mdogo wangu na wifi yangu mpendwa,

Nimewaandikia maneno haya myasome siku mtakapoyahitaji, pamoja au kila mmoja kwa wakati wake, na wala hamlazimiki kunijibu.

Tangu siku mlipofunga ndoa, ninyi ni familia kamili machoni pangu. Mtoto akija, atakaribishwa katika nyumba ambayo tayari ina heshima na upendo, na asipokuja, heshima hiyo na upendo huo havitapungua kwangu hata kidogo.

Wifi yangu, mwezi ukiisha kwa machozi, lia bila kujificha. Sitakuhesabia wanawake waliozaa baada ya miaka mingi, kwa sababu safari yao si yako na mimi siijui kesho. Nitakupikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, na kama siku hiyo hutaki kuonana na mtu, nitauacha mlangoni na kurudi zangu.

Mdogo wangu, watu humuuliza mkeo hali yake wakasahau kukuuliza wewe. Huzuni yako ni ya kweli pia, na kwangu huna haja ya kujikaza.

Asibebeshwe lawama yeyote kati yenu, kwa maana sababu huweza kuwa kwa mke, kwa mume au kwa wote wawili, na wakati mwingine vipimo havionyeshi sababu yoyote. Mkiamua kwenda hospitali na mkahitaji mtu wa kukaa nanyi kwenye foleni, niiteni. Mkiamua kupumzika na vipimo hata mwaka mzima, sitawauliza kwa nini.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba takribani mtu mmoja kati ya sita hukumbana na ugumba wakati fulani maishani mwake. Najua hesabu haipunguzi uchungu, lakini nisingependa mdhani kwamba mmetengwa peke yenu na jambo hili.

Siku ya Idd, jamaa wakianza kuuliza mtawaletea lini mjukuu, niachieni mimi nijibu kwamba hilo ni la mume na mkewe. Msipoweza kufika kwenye arobaini ya mtoto wa binamu yetu, nitaipeleka zawadi yenu kwa niaba yenu, na nitahakikisha hakuna anayewadai maelezo.

Katika dua zangu namwomba Mwenyezi Mungu awajaalie lenye kheri na awape utulivu wa moyo. Simpangii Yeye, wala siwapangii ninyi.

Mkitaka kuzungumza juu ya mtoto, nitasikiliza bila kutoa ushauri msiouomba. Mkitaka tuzungumze juu ya bei ya samaki na mechi ya Coastal Union, basi tutazungumza hayo hadi usiku.

Dada yenu