Taarifa ya Wiki ya Sita: Nyumba ya Mkomani, Lamu (imepangwa upya)

Assalaam aleikum Ami, Shangazi, na nyote mlio kwenye kundi la nyumba.

Ile taarifa niliyotuma Alhamisi usiku iacheni, someni hii. Habari ni zile zile, nimezipanga upya tu. Jana Ami alinipigia kuuliza kwa nini dari ya ndani haijaanza, na mimi nilikuwa na hakika nimeshaeleza kwamba boriti hazikutimia. Nilipoirudia nikaona: neno la boriti nililitia chini kabisa, baada ya picha za zidaka na salamu za jirani. Wiki ya nne nilifanya hivyo hivyo, tukapoteza siku nne nikingojea jibu la swali ambalo hakuna aliyeliona. Kosa ni langu.

Kuanzia leo mpangilio ni mmoja kila wiki: yaliyofanyika, yaliyokwama, yanayofuata. Wiki isiyo na lililokwama nitaandika "hakuna" pale pale, nisiiruke sehemu. Picha zitakuja peke yake, baadaye.

YALIYOFANYIKA (12 hadi 17 Julai 2025)

Niliahidi mambo matatu, mawili yamekwisha.

Saruji ya ukuta wa kiwanda imebanduliwa yote. Chini yake mawe ya matumbawe yalikuwa yamelowa na chumvi imetoka nje kama unga. Ndiyo sababu rangi ilikuwa ikibambuka kila mwaka: ukuta huu hupumua, na aliyeupiga saruji aliufungia maji ndani. Tumeuacha wazi ukauke. Nilimuuliza fundi kama tuchanganye saruji kidogo kwenye chokaa, ishike upesi. Alinitazama tu, sikurudia swali.

Chokaa iliyolowekwa tangu 28 Juni sasa ni laini kama mtindi, iko tayari kwa lipu.

Zidaka za sabule: 9 kati ya 14. Hizi ndizo hazikutimia, kwa sababu fundi alikwenda arusini Matondoni siku mbili. Amerudi, kwa hiyo siziweki kwenye yaliyokwama.

YALIYOKWAMA

Boriti, tangu Jumatatu 14. Tuliagiza korija mbili, yaani miti 40. Iliyoshushwa ni korija moja ya boriti na moja ya mazio. Mazio ni membamba. Hayabebi dari ya mawe na chokaa, na sitaki kulala chini ya dari hiyo wala kumlaza mtu. Muuzaji amekiri kosa na atabadilisha bila malipo, ila kusi imekaza na nahodha hatoki kabla ya Jumatano 23. Anayesubiriwa ni muuzaji.

Hapa nataka uamuzi wa Ami: tungojee, au tununue korija iliyoko Mokowe? Hiyo itatuzidishia shilingi 4,500, nauli ya mashua na punda humo humo. Rai yangu tungojee, maana ukuta wa kiwanda una kazi ya wiki nzima na mafundi hawatakaa bure. Naomba jibu kabla ya Jumatatu adhuhuri. Nisiposikia neno, nangojea.

Kibali cha dirisha la juu, tangu 3 Julai. Mchoro umeshapelekwa kwa wahusika wa uhifadhi. Mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, kwa hiyo uso wa nje hatuugusi bila karatasi mkononi. Kwenu hakuna la kufanya.

YANAYOFUATA (19 hadi 24 Julai)

Leo na kesho: kuumalizia ukuta wa kiwanda kwa kuusugua chumvi kwa brashi kavu. Maji hapana, yatairudisha ndani.

Jumatatu: naenda mwenyewe kuulizia kibali, asubuhi.

Jumanne: lipu ya kwanza ya chokaa, kuanzia sehemu zilizokauka. Itafunikwa magunia mabichi na kunyunyiziwa maji asubuhi na jioni, isije ikapasuka kwa upepo huu. Mnyunyiziaji ni kijana wa fundi. Nitamsimamia, kwani wiki ya pili alisahau.

Alhamisi: zidaka 5 zilizobaki ziwe zimekwisha. Dari ya ndani siiahidi wiki hii.

Mkononi zimebaki shilingi 38,200, ujira wa wiki hii umeshalipwa.

Shangazi, ule mlango wa nakshi uko salama. Nimeuzungushia mikeka miwili na kuulaza darini, mbali na vumbi la saruji.

Wassalaam,
mwanenu, msimamizi wa kazi
Jumamosi 19 Julai 2025