YAH: MADAI YA KUREJESHEWA ADA YA NAFASI YA MASOMO, SHILINGI 4,800,000

Dar es Salaam, 14 Oktoba 2024

Kwa Meneja wa Wakala,

Tarehe 6 Mei 2024 nililipa ofisini kwenu Kariakoo shilingi 4,800,000 ili mwanangu apatiwe nafasi ya kusomea uuguzi nchini India pamoja na viza, nanyi mkaniandikia kwenye stakabadhi kwamba barua ya udahili ingetoka ndani ya siku 60.

Hadi leo hakuna barua wala viza. Mwezi uliopita tulikiandikia chuo wenyewe, nacho kikajibu kwamba hakijapokea maombi yoyote yenye jina lake, ilhali ninyi mlikuwa mkituambia kila wiki kwamba faili "liko mezani". Sanduku lake la safari bado limefungwa chini ya kitanda, na muhula umeanza bila yeye.

Fedha hizo zilitokana na mkopo wa vikoba ninaoendelea kuulipa. Naomba mnirejeshee zote, pamoja na vyeti vyake halisi, kabla ya tarehe 28 Oktoba 2024. Vinginevyo nitawasilisha malalamiko polisi na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Nimeambatisha nakala ya stakabadhi na jibu la chuo.

Wenu,
Mama mzazi wa mwombaji