Barua kwa Baba na Mama kuhusu ile ankara ya ada

Stuttgart, Ujerumani
8 Januari 2026

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Natumaini hamjambo nyote hapo Moshi. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ingawa baridi ya mwezi huu haina huruma.

Nawaandikia kuhusu ile picha ya ankara ya ada niliyowatumia jana kwa WhatsApp. Kwenye simu nimesikia sauti ya Baba imebadilika, na Mama ameshaanza kutaja ng'ombe. Tafadhali msiuze ng'ombe. Someni hii kwanza, mkiwa na picha mkononi. Baraka awakuzie pale maandishi yalipo madogo.

Baba, ile namba ya chini kabisa, 1.678,00, si laki moja sitini na saba elfu na mia nane. Wajerumani hutumia nukta pale sisi tunapoweka mkato, na mkato pale sisi tunapoweka nukta. Kwa hiyo ni euro elfu moja mia sita sabini na nane, bila senti. Kwa bei ya shilingi 2,900 kwa euro moja, inakaribia shilingi 4,870,000. Ni pesa nyingi na najua zinatoka wapi, lakini siyo ile iliyokunyima usingizi.

Mkianza juu, mstari wa kwanza ulioandikwa Studiengebühr, 1.500,00, ndiyo ada yenyewe ya muhula. Hapo ndipo Baba aliponiuliza, mbona tuliambiwa Ujerumani kusoma ni bure? Waliotuambia hawakutudanganya. Kila jimbo huku lina sheria zake za vyuo, na sehemu kubwa ya nchi vyuo vya serikali havitozi ada. Jimbo hili la Baden-Württemberg lilianza mwaka 2017 kuwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula. Ndiyo maana yule kijana wa kwa mchungaji aliyeko Hamburg halipi ada hii, analipa michango tu. Kozi yangu ya maji na mazingira nimeipata hapa, na bado naona tulichagua vizuri.

Mistari mitatu inayofuata ni michango ambayo kila mwanafunzi analipa, Mjerumani na mgeni sawasawa: 70 za uendeshaji, 98 za shirika linaloendesha mabweni na kantini, na 10 za serikali ya wanafunzi. Ile 98 siinung'unikii hata kidogo, maana kwa sababu yake chakula cha mchana kantini ni nafuu, na chumba changu ni cha shirika hilohilo.

Mama ameuliza kwa nini tunadaiwa tena wakati Septemba tulilipa. Ile ilikuwa ya muhula wa baridi, unaoisha 31 Machi. Hii ni ya muhula wa kiangazi, unaoanza 1 Aprili. Kila mwaka tutalipa mara mbili. Ankara nyingine itakuja mwezi wa Juni, na mwisho wake utakuwa 15 Agosti, kwa hiyo naomba tuanze kuifikiria mapema, hata kabla kahawa haijaanza kuvunwa.

Sasa tarehe, na hapa ndipo nawaomba msome taratibu. Kwenye picha, chini ya jumla, kuna tarehe iliyokolezwa wino: 15.02.2026. Hiyo siyo siku ya mwisho ya kutuma pesa. Neno lililo mbele yake, Zahlungseingang, linataka pesa iwe imeshaingia kwenye akaunti ya chuo siku hiyo. Halafu 15 Februari ni Jumapili, benki hazifanyi kazi. Kwa hiyo tarehe yetu ya kweli ni Ijumaa, 13 Februari, na mimi sitaki tufike huko. Ikichelewa wanaongeza faini ya euro 15 na kutuma barua moja ya kukumbusha. Tusipolipa hata baada ya barua hiyo, wananifuta kwenye orodha ya wanafunzi, na kibali changu cha kuishi huku kinategemea uanafunzi wangu. Siwaambii hivi kuwatisha. Nataka mjue kwa nini siku chache zina uzito kiasi hiki.

Kuhusu kiasi, ninyi nitumieni euro 1,200 tu. Zile 478 zilizobaki ninazo. Nimeziweka akiba kutoka kwenye kazi ya jikoni ninayofanya jioni. Baba usihofu, sheria inaruhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka, na mimi niko ndani ya hesabu hiyo. Masomo hayajayumba, matokeo ya Februari mtayaona wenyewe.

Pesa itumeni kwenye akaunti yangu, si kwenye akaunti ya chuo inayoonekana kwenye picha. Karani wa benki akiona ankara anaweza kunakili ile namba ndefu inayoanza na DE, mwambieni hapana, atumie namba yangu niliyoiandika kwenye karatasi ya pili. Sababu ni hii: pesa ikipita benki za katikati, huwa inakatwa njiani. Dada mmoja wa Kenya tunayesoma naye, wazazi wake walituma moja kwa moja chuoni, zikafika pungufu euro 18, na usajili wake ukakwama mpaka alipozijazia. Zikifika kwangu pungufu, nitajazia palepale na kulipa chuo mara moja, yote 1,678 kwa pamoja, maana hawapokei nusunusu. Pia kuna namba ya malipo, ile yenye jina langu na namba ya uanafunzi. Inafanya kazi kama kontrol namba ya huko kwetu, bila hiyo chuo hakijui pesa ni ya nani. Hiyo niachieni mimi.

Benki wataomba ushahidi wa ada. Nimewatumia ankara hiyohiyo kwa PDF, barua ya chuo ya kunipokea, na cheti cha kuwa mwanafunzi wa muhula huu. Baraka azichapishe pale stendi. Kwenye fomu ya TT kuna sehemu ya makato, wekeni alama kwenye OUR, ili makato yalipwe huko. Andaeni kama shilingi 3,600,000, kwa sababu bei ya euro hupanda na kushuka na benki ina yake.

Naomba muwe mmeshatuma kabla ya Ijumaa ya 30 Januari. Nikizipata, nitalipa chuo Jumatatu ya 9 Februari na kuwatumia risiti jioni hiyohiyo.

Kama VICOBA ya Mama haitoshi, Baba aombe mkopo wa dharura SACCOS ya walimu. Kwa wale wa kausha damu msiende, hata kama wanatoa siku hiyohiyo. Na mkiona haiwezekani kabisa, niambieni kabla ya tarehe 20 mwezi huu, niende ofisi ya wanafunzi wa kigeni nikaombe ushauri wakati bado kuna nafasi. Msinifiche ili nisome kwa amani. Nitasoma kwa amani nikijua.

Jumamosi nitawapigia saa nne usiku ya huko, nikitoka kazini. Baba awe na picha na kalamu, tupitie mstari kwa mstari. Msalimieni Bibi, na mwambieni sweta lake nalivaa kila siku.

Ni mimi binti yenu,
Neema