Kufunga siku, stoo ya dagaa Mwaloni Kirumba, Jumatano tarehe 5 Agosti

Saa 11 na dakika 10 jioni. Mlango wa stoo umerudishwa nusu, mzigo mwingine sipokei. Naandika vyote ambavyo havijaisha na kila kimoja nakiamulia, ama kinaisha sasa hivi, ama kinaenda kesho na saa yake, ama kinafutwa. Mdogo wangu, ukifungua asubuhi soma hii kwanza kabla hujajibu simu ya mtu.

HAVIHAMI, VINAISHA LEO

Hela za wapakiaji. Mtu kabeba magunia kutwa nzima huwezi kumwambia njoo kesho, ana nyumba inamsubiri. Wote wanne wamelipwa, wamesaini daftari.

Z ripoti ya mashine ya EFD imetoka, nimeibana kwenye faili. Keshi imehesabiwa, inalingana na daftari.

Meseji kwa mzee wa Lubumbashi: nimemwambia ukweli kwamba kati ya gunia 80 alizoagiza ziko tayari 64 na lori linapakia Ijumaa. Kajibu sawa. Hii nisingeiacha ilale maana yeye ndo angekesha anawaza mzigo wake.

VINAENDA KESHO, NIMEAMUA MWENYEWE

Saa 2 asubuhi, PAYE. Mwisho ni tarehe 7 lakini tarehe 7 ndo Ijumaa ya kupakia, Jumamosi ni Nane Nane benki zimefungwa, kwahiyo siku yake ni kesho basi. Leo siigusi, saa hizi macho yamechoka na zile ni tarakimu za mishahara ya watu. Pa kuanzia: faili la eksel la mishahara ya Julai liko wazi kwenye kompyuta, ingia mfumo wa TRA, toa kontroli namba, tunalipa kabla ya saa 4. Hiyo mimi mwenyewe.

Saa 3, yale magunia 9 ya Ukerewe yaliyokuja na unyevu. Nimeyatenga ukuta wa kushoto, yasisogezwe karibu na mengine maana ukungu ukishaingia gunia moja unatembea. Jua la leo limeshaisha, kuyamwaga sasa hivi ni kuyaongezea umande tu. Kesho yamwagwe kwenye chanja, sio chini, mteja akikuta mchanga kwenye dagaa harudi tena. Yageuze mchana, na usiyarudishe kwenye gunia mpaka umevunja dagaa mkononi akalia kabisa, akipinda bado.

Saa 4, tajiri wa boti anataka advansi ya mafuta na taa. Mwezi unazidi kuchelewa kutoka, giza linarudi, wavuvi wanajiandaa kuingia ziwani na haraka yake naielewa. Lakini hela ile sio yangu kuitoa peke yangu, bosi anafika saa 4 ndo tutaamua. Akipiga usiku sipokei, nimeshamwambia atapata jibu kabla ya saa 6 mchana, na atalipata.

Gunia 7 zilizobaki za oda zinakuja na boti ya Ukerewe, mwenye mzigo kasema mchana. Hapa hatuna la kufanya ila kusubiri, ila ikifika saa 8 kimya mpigie simu, usimtumie meseji.

Saa 9, kibali cha kusafirisha. Najua kinakusumbua kichwani, hata mimi, ila kibali kinaandikwa kilo na kilo kamili hatuna mpaka yale 9 yakauke na yale 7 yafike, tukiomba leo tutaandika kilo za kukisia halafu lori linasimamishwa barabarani kwa ajili ya karatasi. Mizani kwanza, karatasi baadae. Fomu zingine zote nimeshajaza, ziko bahasha ya kaki droo ya juu.

Saa 10, paketi za nusu kilo za banda la Nyamhongolo. Zinatakiwa 40, zimefungwa 25. Ni kazi ya kukaa na kupiga stori, mnaimaliza jioni wewe na dada wa jirani. Zinaondoka Ijumaa asubuhi.

VIMEFUTWA

Kupaka rangi kibao cha nje. Kimehamishwa tangu mwezi uliopita na hakuna mteja hata mmoja aliyepotea kwa ajili yake. Nimekikata, hakirudi kwenye orodha mpaka bosi akitaje mwenyewe.

Oda ya yule kijana wa Shinyanga aliyeulizia bei akakaa kimya. Sipigi tena, akitaka atatafuta.

MWISHO KABISA

Turubai juu ya chanja tupu, limefungwa kamba. Swichi ya mizani imezimwa. Droo imefungwa. Mlinzi kafika, nimemuonyesha magunia 9 ya pembeni asije akayapanga na mengine. Funguo moja ninayo mimi, nyingine unayo wewe.

Simu ya ofisi naizima saa 11 na dakika 40, inawashwa kesho saa 1 na nusu.