Utaratibu wa Kudhibiti Matoleo ya Michoro na Hati za Makabidhiano, Saiti ya Jengo B

Waraka Na. JB-UTR-004, toleo C02. Unafuta C01.

Utaratibu huu unawabana wakandarasi wote watano walioko saiti: mkandarasi mkuu, wa umeme, wa mabomba na zimamoto, wa viyoyozi, na wa ukuta wa vioo. Unawabana pia msanifu majengo na wahandisi washauri, kwa kuwa michoro huanzia kwao.

Toleo la C01 lilieleza nani apewe mchoro mpya, halikueleza nani auondoe wa zamani. Matokeo yake yalionekana ghorofa ya 3. Matundu mawili ya mabomba yaliachwa kwenye slabu kwa vipimo vilivyokwisha kubadilishwa siku nne kabla. Mchoro mpya ulikuwa umesainiwa na umetulia ofisini. Wa zamani ulikuwa umepigiliwa kwenye fomu za mbao, na mafundi waliufuata vizuri kabisa. Ndiyo maana kifungu cha 5 ndicho kirefu kuliko vyote.

1. Wahusika

Mtunza nyaraka wa saiti, aliye chini ya mkandarasi mkuu, ndiye mlango pekee wa michoro kuingia na kutoka. Kila mkandarasi atateua kwa barua mpokeaji mmoja na naibu wake. Mtunza nyaraka haamui kama mchoro ni sahihi kihandisi. Anaamua mambo mawili tu: umetoka kwa mwenye mamlaka ya kuutoa, na umekamilika.

2. Namba na toleo

Jina la faili huandikwa hivi:

```
JB-MIU-03-MC-0147_C02.pdf
```

JB ni mradi, MIU ni miundo, 03 ni ghorofa, MC ni mchoro, 0147 ni namba yake, na C02 ni toleo. Fani nyingine ni USA (usanifu), UME, MAB, HEW na VIO. Namba ya mchoro haibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho wa mradi. Kinachobadilika ni toleo.

Matoleo ya P01, P02 na kuendelea ni rasimu. Mchoro wa P haujengewi, hata kama ndio pekee uliopo na lori la zege liko getini. Michoro ya ujenzi huanzia C01.

Kila toleo jipya lizungushiwe wingu mahali palipobadilika, na mawingu ya toleo lililotangulia yafutwe ili msomaji asichanganye mabadiliko mapya na ya zamani. Jedwali la matoleo litaje kilichobadilika. Maneno “marekebisho ya jumla” hayapokelewi: yanamlazimisha msimamizi kulinganisha karatasi mbili mstari kwa mstari, na hana muda huo.

3. Kupokea na kupitisha

Michoro inayofika kabla ya saa 8 mchana huingizwa kwenye rejista siku hiyohiyo. Mchoro utarudishwa kwa mtoaji iwapo jina la faili halilingani na kisanduku cha mchoro, toleo limeruka namba, au hakuna saini ya aliyeidhinisha.

Michoro ya kazi inayoandaliwa na wakandarasi wenyewe, kama ile ya mifereji ya hewa au fremu za vioo, hupelekwa kwa mshauri husika, naye huijibu ndani ya siku 10 za kazi. Jibu A: endelea. Jibu B: endelea kwa kufuata maoni, kisha leta toleo lililosahihishwa. Jibu C: rudia, na usijenge chochote. Mchoro unaogusa fani zaidi ya moja haupati A mpaka fani zote zilizoguswa zimeuona.

4. Hati ya makabidhiano

Hakuna mchoro unaotoka bila hati hii. Mfano wa hati iliyojazwa:

```
Hati Na.:           HM-0212
Kutoka:             Mtunza nyaraka wa saiti
Kwa:                Mpokeaji, mabomba na zimamoto
Kusudi:             KWA UJENZI
Mchoro:             JB-MIU-03-MC-0147
Toleo:              C02 (linafuta C01)
Kilichobadilika:    Tundu la D/4 limesogezwa mm 350 kaskazini
Nakala:             Faili 1; karatasi A1, namba 1/2 na 2/2
Nakala za C01 zinazodaiwa: 2
```

Mpokeaji husaini kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Saini yake inathibitisha kwamba amepokea, basi. Haimaanishi amekubali gharama au muda wa ziada unaoletwa na mabadiliko; madai hayo yana barua yake chini ya mkataba. Tumelieleza hili kwa sababu wapo waliokataa kusaini wakihofia kupoteza haki zao.

Muda ukipita bila saini, mtunza nyaraka humpigia simu mpokeaji. Siku inayofuata humwarifu meneja wa saiti, ambaye husimamisha kazi inayohusika na mchoro huo, hiyo tu, mpaka hati isainiwe.

5. Kuondoa nakala za zamani

Nakala za karatasi hubadilishwa moja kwa moja: nakala 1/2 ya C02 hutolewa pale nakala 1/2 ya C01 inaporudi mkononi. Iliyorudi hupigwa muhuri mwekundu wa UMEPITWA. Moja huhifadhiwa ofisini, nyingine huchanwa. Kama ina alama za kalamu za vipimo halisi vya saiti, alama hizo huhamishiwa kwanza kwenye seti ya michoro ya jengo kama lilivyojengwa.

Nakala iliyopotea itolewe taarifa kwa maandishi, na msimamizi wa eneo apite mwenyewe kuitafuta kabla ya kupewa mpya. Inaudhi, lakini karatasi “iliyopotea” mara nyingi iko kwenye mfuko wa fundi, na bado inatumika.

Mchoro uliopigwa picha kwa simu na kusambazwa kwenye makundi si mchoro wa ujenzi, kwani picha haiwezi kurudishwa. Wanaotumia vishikwambi wapakue upya kila asubuhi kabla ya kuingia kazini.

Toleo jipya likigusa kazi iliyokwisha kufanyika au inayoendelea, mpokeaji amjulishe meneja wa saiti siku hiyohiyo. Hakuna kubomoa wala kutoboa slabu kabla mhandisi wa miundo hajatoa maelekezo ya maandishi, maana mashine ya kutoboa haichagui nondo.

Fomu ya ruhusa ya kumwaga zege itaje namba na toleo la kila mchoro uliotumika. Mtunza nyaraka huilinganisha na rejista, kisha husaini. Bila saini hiyo zege haimwagwi.

6. Mabadiliko ya haraka

Jibu la ombi la ufafanuzi likija na mchoro mdogo, mchoro huo hupewa namba ya MS, hukabidhiwa kwa hati, na huandikwa kwenye rejista mbele ya mchoro unaohusika. Michoro midogo mitatu ikishajikusanya kwenye mchoro mmoja, mshauri atatoa toleo jipya ndani ya siku 10 za kazi. Agizo la mdomo lithibitishwe kwa maandishi siku hiyohiyo. Kabla ya hapo halitekelezwi, isipokuwa la kuzuia hatari kwa watu.

7. Rejista na ukaguzi

Rejista ya matoleo yanayotumika hutumwa kwa wapokeaji wote kila Jumatatu kabla ya saa 3 asubuhi. Kila Jumatano mtunza nyaraka huzunguka saiti bila kutangaza na kukagua nakala kumi anazozikuta mikononi, kwenye meza za nondo na kwenye makontena ya wakandarasi. Nakala iliyopitwa huchukuliwa papo hapo, na mkandarasi aliyekutwa nayo hujibu kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi akieleza kilichojengwa kwa nakala hiyo.