YAH: KIFO CHA MWENYE NYUMBA NA UTARATIBU WA KULIPA KODI KWA WARITHI

Familia ya marehemu Salum Mbwana Kitwana,
Mtoni Mtongani, Temeke,
Dar es Salaam.

5 Mei 2025

Kwa wapangaji wote, vyumba vinane na fremu mbili za mbele.

Ndugu zetu,

Assalaam alaykum, na habari za siku nyingi.

Wengi wenu mlikuwepo Jumapili ya tarehe 9 Februari 2025 baba yetu, Mzee Salum, alipofariki. Mlibeba viti, mlichota maji, mlichanga. Familia haijasahau. Ila kuna mwenzenu alikuwa safarini Mtwara na mwingine zamu zake za usiku hazikumruhusu kufika, na huenda mpaka leo wanajua habari za juu juu tu. Ndiyo maana naandika rasmi: mwenye nyumba mliyeandikiana naye mikataba hayupo tena, na nyumba hii sasa ni mali ya mirathi.

Warithi ni mama yetu pamoja na sisi watoto watano. Kikao cha familia kilinipendekeza mimi, Zuhura, kuwa msimamizi, na Alhamisi tarehe 24 Aprili 2025 Mahakama ya Mwanzo, kule Kituo Jumuishi Temeke, ikanithibitisha. Kila mlango umepewa barua hii pamoja na nakala ya hati ya kifo na nakala ya Fomu Namba 4, ambayo ndiyo karatasi ya mahakama ya uteuzi wangu. Anayetaka kuona karatasi yenyewe yenye muhuri aje nyumbani nimwoneshe. Sitaona vibaya, mimi ningekuwa mpangaji ningeomba kuiona.

Sasa kodi. Kuanzia leo kodi inalipwa kwenye akaunti moja tu, iliyoko NMB, kwa jina la Mirathi ya Marehemu Salum Mbwana Kitwana. Mnaweza kuweka benki au kwa wakala. Jina hilo lisipotokea kabla ya kuthibitisha muamala, msitume. Fedha ikiingia humo inaonekana na warithi wote, na mimi natakiwa kuitolea hesabu mahakamani. Asipewe mrithi mmoja mmoja mkononi, hata akiwa mimi mwenyewe, hata akiwa na shida ya kweli. Sisi tutagawana kwa mafungu yetu kisheria huko ndani, ninyi hayawahusu.

Namba ya akaunti siiandiki hapa makusudi. Barua hupigwa picha, picha huzunguka, na namba moja ikibadilishwa fedha imekwenda. Nitampa kila mpangaji mkononi, kwenye kikaratasi chenye saini yangu. Mnazijua zile meseji za “mimi baba mwenye nyumba wako, ile kodi itume kwenye namba hii”. Zamani tulikuwa tunazicheka. Wiki tatu baada ya mazishi mpangaji mmoja alipata ya namna hiyo, na bahati njema alinipigia kwanza kuniuliza. Baba mwenye nyumba amefariki, kwa hiyo meseji yoyote inayodai inatoka kwake, ifuteni.

Kuna jambo linanipa aibu kidogo, ila nikilificha litaharibu zaidi. Mwezi Machi ndugu yetu mmoja alipita milangoni na kupokea kodi za vyumba viwili, bila risiti, akisema ametumwa na familia. Hakutumwa. Tumekaa na kuamua kwamba wapangaji wale wawili walilipa kwa nia njema, katikati ya msiba, na hawatalipishwa mara ya pili. Fedha hiyo tumeihesabu kama imepokelewa; kudaiana na ndugu yetu ni kazi yetu sisi. Lakini kwa malipo ya kuanzia leo sitaweza kusema hivyo tena.

Mikataba yenu iko palepale. Aliyelipa miezi sita mpaka Agosti atakaa mpaka Agosti, na chumba cha 60,000 kitabaki 60,000 mpaka mkataba uishe. Nimelikuta daftari la marehemu, lile kubwa lenye gamba jeusi, kila mpangaji na ukurasa wake, tarehe kwa wino wa buluu na ile “S.M.K.” yake pembeni. Ni safi kuliko nilivyotegemea. Tatizo ni yale aliyokubaliana nanyi kwa mdomo. Kwa mfano, fundi cherehani wa fremu ya kwanza ananiambia alinunua bati tatu za uani kwa fedha yake na Mzee akamwahidi kukata kwenye kodi. Ndani ya daftari hakuna kitu, lakini bati nimeziona juu ya paa, mpya, na risiti ya duka anayo. Tutamkatia. Mwingine yeyote mwenye ahadi ya aina hiyo aje nayo, akiwa na risiti au shahidi.

Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, ile 1,500 kwa mwezi, itarudishwa kama Mzee alivyokuwa anafanya: mwisho wa mwaka, 18,000, anaikata kwenye kodi yake yule anayenunua umeme wa mita husika. Wa fremu, endeleeni kukata asilimia 10 ya kodi ya zuio na kuipeleka TRA, kisha mniletee nakala ya risiti.

Mama yuko eda, miezi minne na siku kumi, mpaka katikati ya Juni. Najua mmezoea kumwachia funguo, ujumbe, hata kodi pale kibarazani. Kwa kipindi hiki tunaomba msimwendee kwa mambo ya nyumba. Bomba likipasuka au choo kikiziba, nipigieni mimi kwa namba yangu ile ile iliyoko kwenye grupu la nyumba.

Halafu madalali. Najua wawili wamekuja kupima uwanja kwa macho na kuwauliza mnalipa shilingi ngapi. Hakuna aliyewatuma, na nyumba haijatangazwa kuuzwa. Siwezi kuwaapia kwamba haitauzwa kamwe, kwa sababu warithi tuko sita na mirathi ikifungwa kila mmoja atakuwa na lake la kusema. Ninachowaahidi ni kwamba likitokea hilo mtalisikia kutoka kwangu kwa maandishi, miezi mitatu kabla, na aliyelipa mbele hatapoteza hata mwezi mmoja.

Jumamosi tarehe 17 Mei, baada ya swala ya alasiri, tukutane barazani. Mjumbe wa shina atakuwepo. Njooni na mikataba, stakabadhi za nyuma, na kitambulisho kwa yule ambaye jina lake kwenye daftari ni la utani tu (chumba cha nne kimeandikwa “Babu Kahawa”, na mahakama haimjui mtu huyo). Tutalinganisha na daftari, kila mtu atasaini ukurasa wake, na nitawagawia vile vikaratasi vya namba ya akaunti. Ambaye kodi yake inaisha kabla ya siku hiyo asihangaike. Asubiri, hatahesabiwa amechelewa.

Wenu,

Zuhura Salum Kitwana
Msimamizi wa mirathi, kwa niaba ya warithi

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Mjumbe wa shina.