Ratiba ya diskasheni ya Kiswahili, kidato cha nne: Septemba na Oktoba

Kwa Baraka, Elia, Juma, Rehema na Zuhura. Tumeshakubaliana kwa mdomo. Hapa nimeiandika ili kila mtu aibandike kwenye daftari lake.

Siku ni Jumamosi, saa 4:00 hadi 6:00 mchana, barazani kwa kina Rehema, Kihonda. Tumeisogeza kutoka saa 3:00 kwa kuwa Juma humsaidia mama yake sokoni asubuhi, na hatutaki akose hata kipindi kimoja.

Hadi sasa Zuhura ndiye aliyekuwa akifundisha mada zote, sisi wengine tukiitikia. Mtihani wa utamilifu ukaja: yeye akajieleza vizuri, sisi tukabaki na kalamu mkononi. Kwa hiyo kila mmoja atashika mada moja, aifundishe, kisha atuulize maswali.

Mwendo wa kipindi: dakika 15 maswali matano ya wiki iliyopita, dakika 45 kufundisha, dakika 10 kupumzika, dakika 40 chemsha bongo na kusahihishana, dakika 10 za mwisho kuandika daftari la makosa. Wakati wa chemsha bongo madaftari yote yanafungwa, la mwalimu pia. Maswali yawe kumi, na angalau manne yaanze na "eleza" au "kwa nini". Jibu bila mfano hupata nusu alama.

5 Septemba, Elia: viambishi na mnyambuliko. Hapa ndipo tulipoanguka wengi, kwa hiyo Elia asikimbie. Aanze na "hatukupigiwa": ha- ya ukanushi, -tu- ya nafsi, -ku- ya wakati uliopita katika ukanushi, mzizi -pig-, -i- ya kutendea, -w- ya kutendwa, kiishio -a. Kisha atupe "aliyekuja". Wanne kati yetu tuliandika kuwa mzizi ni "kuj", wakati mzizi ni -j- tu. Hiyo -ku- imeingia kwa sababu mzizi ni mfupi mno. Elia, utuulize pia kwa nini -ku- ya "hatukupigiwa" si sawa na ya "aliyekuja". Swali hilo naliomba kabisa.

12 Septemba, Rehema: uundaji wa maneno. Kuambatanisha (mwanajeshi), kuhulutisha (chajio, kutoka chakula cha jioni), kutohoa (baiskeli), kufananisha sauti (pikipiki), akronimu (BAKITA), kubadili mpangilio wa herufi (lima, mali, imla). Mifano ya kwenye vitabu tunaijua. Rehema alete mingine aliyoisikia mtaani.

19 Septemba, Baraka: tungo na aina za sentensi. Akazie kishazi tegemezi. "Mtoto aliyepotea" hakijitoshelezi; "mtoto amepotea" kinajitosheleza.

26 Septemba, Zuhura: uchanganuzi wa sentensi. Matawi na jedwali, yote mawili. Tuanze na "Mtoto mdogo amelala kitandani":

```
S  → KN + KT
KN → N + V
KT → T + E
```

Zuhura, tafadhali usitusaidie tukikwama. Subiri dakika mbili kamili.

3 Oktoba, Juma: chimbuko na maendeleo ya Kiswahili. Mada ndefu. Kwenye ubantu wa Kiswahili, Juma amuulize bibi yake maneno ya Kihaya: abantu kwao, banhu kwa Wasukuma, watu kwetu. Ushahidi wa namna hiyo hausahauliki, na ndio unaojenga hoja kuliko kukariri majina ya wataalamu. Kwenye usanifishaji: Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, 1930, na lahaja ya Kiunguja kuwa msingi. Baada ya uhuru tusichanganye tena BAKITA (1967) na TUKI (1964). Amalizie na UNESCO mwaka 2021 kuitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

10 Oktoba, Neema: fasihi simulizi na ushairi. Nitafundisha tanzu na vipera kwa haraka, muda mwingi uende kwenye mizani na vina. Kila mtu aje na ubeti mmoja aliotunga mwenyewe, mishororo minne, mizani nane kila kipande. Tutahesabu kwa vidole.

17 Oktoba: hakuna wa kufundisha. Tunafanya pepa nzima, saa 4:00 hadi 7:00, maswali yote yatoke kwenye daftari la makosa na pepa za nyuma.

Mwenye udhuru abadilishane zamu na mwenzake kabla ya Jumatano na anijulishe. Mwenye zamu anionyeshe maswali yake Ijumaa baada ya vipindi. Daftari la makosa linaanza kwa Baraka. Jumamosi aje nalo.

Neema, katibu